Tundu la Kijani

Karani wa yadi ya mbao alipompigia Bisibisi simu alisema maneno mawili tu: njoo, wanamuua. Hakumtaja anayeuawa, na Bisibisi hakuuliza. Ndani ya yadi ile alikuwa na mtu mmoja tu wa damu yake, mdogo wake wa mwisho, mwendesha winchi. Aliiacha printa ya watu imepasuliwa tumbo juu ya meza, akabeba mkoba wa vifaa kwa mazoea tu, akadandia pikipiki ya kwanza iliyopita na kumwambia dereva aende kama mtu anayefukuzwa.

Bisibisi lilikuwa jina la kazi. Miaka ishirini mama huyu alikuwa akitengeneza kompyuta za maofisi, bisibisi imechomekwa kwenye nywele, na watu walikwisha sahau alilopewa na wazazi. Mdogo wake peke yake ndiye aliyemwita dada. Alimlea mwenyewe, akamsomesha kadiri alivyoweza, na kazi ya winchi alimtafutia yeye kwa kumbembeleza mwenye yadi hadi aibu ikamwisha.

Alifika saa nne asubuhi, na msumeno mkubwa ulikuwa kimya. Msumeno ule haunyamazi saa nne hata kwa mvua, basi akaruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijavuka geti. Chini ya paa la bati wapasuaji mbao kama kumi na tano walisimama duara, vumbi la mbao limewaganda kwenye jasho. Kando yao, kwenye mteremko wa kupandishia magogo, kitu kilikuwa kimefunikwa kwa turubai na buti moja lilitokeza. Katikati ya duara, mdogo wake alikuwa amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya winchi. Jicho moja lilikuwa limeziba. Mkono wa kulia ulilazwa juu ya gogo mbele yake, na haukuwa mkono tena. Vidole vilikwenda kila kimoja upande wake, na mfupa ulionekana.

Nyapara alikuwa amesimama juu yake na mtaimbo.

Karani, kijana mwembamba wa miwani, alimvuta Bisibisi pembeni na kumwambia mambo yalivyokwenda. Aliyelala chini ya turubai ni mfunga minyororo, mdogo wa nyapara, tumbo moja. Kazi yake ilikuwa kushuka chini ya mteremko, kulifunga gogo mnyororo, kutoka, kisha kupaza sauti: vuta. Mwendesha winchi hukaa nyuma ya ukuta wa mbao, haoni kitu, anafanya kazi kwa masikio. Na sheria ya yadi ni moja, haina mjadala: anayeamuru ni mfunga minyororo peke yake, maana ndiye anayejua mguu wake uko wapi. Asubuhi ile winchi ilivuta mwenzao akiwa bado yuko ndani. Gogo likamburuta, likampinda, likampitia kifuani. Alipiga kelele moja. Mwendesha winchi aliapa kwamba alisikia vuta. Nyapara akaapa kwamba hakuna aliyesema vuta, kwamba yule mlevi alivuta kwa kichwa chake. Mwendesha winchi hajawahi kuonja pombe, lakini nani wa kubishana na mtu mwenye maiti ya ndugu yake mbele ya macho?

Karani ndiye aliyekumbuka kamera. Juu ya mteremko palikuwa na kamera yenye kinasa sauti, na picha zake ziliingia kwenye kompyuta ya ofisini. Picha ilionyesha magogo na mgongo wa marehemu tu, hivyo neno lote lilikuwa kwenye sauti. Wakaenda ofisini kundi zima. Wakati huo, karani alisema, hakuna mtu aliyekuwa amemgusa mwendesha winchi hata kwa kidole. Spika ya mezani mwenye yadi aliichukua wiki iliyopita kwenda kuangalia mpira nyumbani kwake, basi karani akachomeka hedifoni kwenye tundu la mbele ya kompyuta. Kimya. Akapandisha sauti mpaka mwisho. Kimya. Nyapara akazinyakua, akapapasa nyuma ya kasha na kuzijaribu huko pia, akazirudisha mbele, akazitupa. Ndipo akawageukia watu akawaambia: kompyuta hii siku kumi zilizopita ilitengenezwa na nani? Si dada yake huyu? Wamefuta sauti, ndugu zangu. Mtu asiye na hatia anafuta sauti ya nini?

Siku kumi zilizopita hakuna aliyejua kama kuna mtu atakufa, na mtu mwenye akili timamu angeuliza dada huyo alifutaje leo jambo lililotokea leo. Lakini akili ilikuwa imekwisha toka getini. Wakaenda wakamfunga, na nyapara akauvunja ule mkono uliovuta.

Polisi walipigiwa simu. Walisema wanakuja, na kila mtu anajua maana yake.

Bisibisi aliingia kati ya duara. Nyapara alimpiga kofi kabla hajafungua mdomo, kofi la mtu mzima aliyezoea magogo, akaanguka na mkoba wake, bisibisi zikatawanyika kwenye vumbi la mbao. Hakuna aliyemwinua. Alijiinua mwenyewe, akatema damu, akaziokota moja moja. Mdogo wake alimtazama kwa jicho moja na kusema kwa sauti ndogo kwamba alisikia, dada, wallahi alisikia.

"Nipeni hiyo kompyuta," Bisibisi alisema. "Kama sauti ipo nitaitoa. Kama haipo, mimi ndiye niliyeigusa mwisho, mnianze mimi."

Nyapara akacheka, kicheko kibaya, akasema sawa. Sauti isipotoka, mkono wa pili, kisha kichwa, na dada mtu atakaa mstari wa mbele aone vizuri. Wapasuaji wawili wakabaki na mfungwa. Wengine wakasogea hadi mlangoni mwa ofisi.

Ofisi ilikuwa chumba cha mbao chenye dirisha moja. Meza, kasha la kompyuta chini yake limesukumwa hadi ukutani, na juu ya rafu amplifaya kuukuu, kikuza sauti cha spika la tarumbeta lililofungwa juu ya nguzo uani, la kuwaitia wafanyakazi. Bisibisi aliketi, nyapara nyuma yake, na ncha ya mtaimbo ikamgusa bega. Hedifoni zilikuwa bado zimechomekwa mbele. Alizivaa. Aliifungua picha ya asubuhi, magogo yakaonekana, lakini masikioni hapakuwa na hata mvumo.

Kisha akatazama pembe ya chini ya kioo. Kwenye kile kijispika kidogo palikuwa na alama nyekundu ya kukosa, kama X. Akakipelekea kishale, na maandishi yakatokea kumwambia kwamba hakuna spika wala hedifoni iliyochomekwa. Hedifoni ziko kichwani kwake, waya wake umeingia hadi mwisho, na mashine inaapa haina kitu. Hapo alielewa, na heri asingeelewa.

Siku kumi nyuma alikuja kulibadilisha kasha la kompyuta, la zamani lilikuwa limeliwa na kutu. Mdogo wake alikuwa zamu ya mapumziko, akamshikia tochi kwa mkono wa kulia na kumchekesha kwa kumuiga mwenye yadi anavyotembea. Matundu ya mbele hayatoi sauti yenyewe. Kila kinachopita pale kinapita kwenye waya mmoja mwembamba unaotoka usoni mwa kasha, unashuka ndani na kuchomekwa kwenye vijipini pembeni mwa mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Waya wa lile kasha jipya ulikuwa na plagi mbili mwishoni, moja ya mfumo mpya na moja ya mfumo wa kale, kila moja imeandikwa. Zote mbili zinaingia palepale. Ila ile ya kale haina njia ya kuiambia mazabodi kwamba mtu amechomeka kitu, na mazabodi ya siku hizi isipoambiwa haitoi kitu. Plagi mpya ilikuwa fupi, ilitaka waya uzungushwe upya nyuma ya feni. Ya kale ilifika. Alikuwa anacheka. Akachomeka iliyofika, akafunika, akajaribu sauti kwa spika ya mezani kwenye tundu la nyuma kama anavyofanya siku zote, ikalia vizuri. Mbele hakujaribu. Miaka ishirini hakuwahi kujaribu mbele, kwake sauti ikilia nyuma kazi imekwisha.

Basi hakuna aliyefuta kitu. Kile kimya walichokisikia, kile kilichovunja mkono, alikifunga yeye kwa vidole vyake.

Mtaimbo ukamsukuma bega, nyapara akauliza anasubiri nini. Bisibisi akasema sauti inatokea nyuma. Nyapara akasema nyuma alijaribu, amejaribu matundu yote, asimfanye mjinga. Bisibisi akalivuta kasha kutoka ukutani, vumbi la mbao likamwagika, akainama na kumulika kwa simu. Matundu matatu yalipangana chini kabisa, vumbi limeyapaka hadi rangi zikafanana. Akayafuta kwa kidole gumba. Buluu, kijani, waridi.

Akamuuliza alichomeka lipi. Nyapara akaonyesha: hili la waridi, na hili la buluu. Hili la katikati lilikuwa na kitu. Na kweli, kijiwaya kifupi kilichokatwa kilikuwa bado kimening'inia kwenye lile la kijani. Ni mkia wa ile spika ya mezani. Mwenye yadi, kwa ubahili au haraka, aliukata kwa kisu badala ya kuhangaika kusogeza meza. Bila kitu cha kulia mwisho wake, tundu lilikuwa limezibwa na pini ya bure, iliyovutika nusu hata mashine isiihesabu.

"La waridi ni la maiki," Bisibisi alisema. "La buluu linaingiza sauti kutoka redio au mashine nyingine. Yote mawili yanaingiza. Ungesikiliza pale mpaka kesho. Linalotoa ni hili la kijani peke yake."

Akachomoa mkia, akapuliza vumbi, akachomeka hedifoni. Kisanduku kidogo kikatokea kwenye kioo kusema kuna kitu kimechomekwa, na ile alama nyekundu ikaondoka. Akairudisha picha nyuma, akabonyeza.

Kwanza ni injini ya winchi. Kisha minyororo. Kisha sauti ya marehemu, karibu kabisa na kamera, imetulia: bado, bado, mguu huu. Halafu sauti nyingine kutoka juu ya mteremko, nene, yenye hasira, inayofanana na ile ya kwanza kama ndugu wanavyofanana. Vuta bwana, mnanichelewesha. Halafu winchi. Halafu ile kelele moja.

Mnanichelewesha. Neno hilo kila mtu wa yadi alilijua, alilisikia mdomoni mwa nyapara mara hamsini kwa siku. Bisibisi alizivua hedifoni, na akafikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani. Akisema yeye, ni dada mtu anamtetea ndugu yake. Hedifoni ni za mtu mmoja. Basi akamkabidhi nyapara mwenyewe, kwa adabu, kwa mikono miwili, akaanza picha upya.

Nyapara alisikiliza akiwa amesimama. Uso wake haukubadilika ghafla. Ulianza kulegea taratibu kuanzia mdomoni, na mkono wa mtaimbo ukashuka. Alipofika kwenye kelele alifumba macho. Labda alikuwa amekwisha sahau alilolisema, kwa kuwa mtu anayesema neno moja mara hamsini kwa siku halisikii. Labda alikuwa anajua tangu saa mbili asubuhi, gogo lilipovutwa. Bisibisi hakujua, na mpaka leo hajui. Kwa kitambo kidogo alimhurumia, na huruma hiyo haikudumu.

Maana nyapara alizivua hedifoni, akaziweka mezani, na kuzipondaponda kwa mtaimbo pigo tatu mpaka plastiki ikaruka hadi dirishani. Akawageukia wale wa mlangoni. "Kimya tupu," alisema. "Wamefuta. Twendeni tukamalize."

Akatoka nao. Karani alianza kulia. Bisibisi alimwambia ashike simu amulike, aache kulia, na akaumwaga mkoba mezani. Waya aliokuwa akiutafuta ulikuwa chini kabisa kama kawaida yake, wenye pini moja nyembamba upande huu na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande ule. Nje alisikia mnyororo ukivutwa, na mdogo wake akianza kuwasihi, kisha akimwita dada. Alipanda juu ya kiti. Nyekundu kwenye nyekundu, nyeupe kwenye nyeupe nyuma ya amplifaya, swichi, kitufe cha sauti mpaka mwisho. Akashuka, akaanzisha picha upya, akaingia chini ya meza kwa magoti, akachomoa waya wa hedifoni zilizopondwa, pini nyembamba mkononi. Nje pigo likatua, na mdogo wake akapiga yowe lililomkata mwilini. Kijani. Akasukuma hadi ikagota.

Spika la tarumbeta likanguruma juu ya yadi nzima. Bado, bado, mguu huu. Kila mtu aliitambua sauti ya maiti. Vuta bwana, mnanichelewesha.

Hapo Bisibisi alifika mlangoni na kuona. Mkono wa kushoto wa mdogo wake ulikuwa juu ya gogo, damu inatoka kwenye bega, pigo lilikosa kiganja. Mtaimbo ulikuwa hewani. Nyapara alibaki nao hivyo hivyo, ameinua, na watu kumi na tano wakimtazama. Ile kelele ya marehemu ikapita juu ya bati. Kisha mpasuaji mmoja mzee, aliyemfundisha marehemu kazi, akauchukua ule mtaimbo mkononi mwa nyapara kama mtu anayempokea mzigo mgeni, akampiga nao magotini.

Baada ya hapo haikuwa haki, ilikuwa ni watu. Walimpiga kwa buti, kwa vipande vya mbao, kwa ncha za minyororo. Walewale walioshika miguu ya mwendesha winchi ndio walioanza kwa bidii zaidi, kila mmoja anataka aonekane hakuwa upande ule. Nyapara hakujikinga. Alikuwa anaita jina la mdogo wake. Na kompyuta ilikuwa imewekwa irudie, basi spika likaanza tena kutoka mwanzo, injini, minyororo, bado, bado.

Na lisemwe lilivyokuwa: Bisibisi hakukimbilia kuchomoa. Alisimama mlangoni, damu ya kofi mdomoni, na akapendezwa. Kila buti lilipotua moyo wake ulisema: tena. Spika liliimba mara ya pili, likaimba mara ya tatu, na mara ya tatu ndipo aliposikia kwamba yule anayesema bado, bado, ni mtoto wa watu anayeomba apewe muda atoe mguu, na hapewi, na kila mara hapewi. Alirudi chini ya meza na kuing'oa pini.

Kimya kikaangukia yadi. Katika kimya kile watu walisikia vipigo vyao wenyewe, kimoja, viwili, kisha vikaisha. Nyapara alikuwa hai. Polisi walipofika walimkuta amelazwa kando ya turubai, jicho limetoka, mkono wake umeshika lile buti. Mwendesha winchi akabebwa hospitali kwenye mlango uliong'olewa ofisini.

Wiki tatu baadaye mwenye yadi alimwita Bisibisi aje aangalie lile tundu la mbele. Mdogo wake alikuja naye. Alikuwa na plasta hadi kwenye kiwiko, na daktari alikwisha mwambia kwamba vidole vitatu havitakunja tena. Njia nzima alikuwa akimsifu. Yadi yote ilikuwa ikimsifu. Karani alimletea kiti, mpasuaji mzee alivua kofia, na mdogo wake akawaambia watu kwamba bila dada sasa hivi angekuwa udongoni.

Bisibisi alilaza kasha ubavu, akafungua skrubu. Ndani waya ulikuwa pale pale, plagi ya kale imechomekwa, ile mpya inaning'inia haina kazi. Angeweza kuibadilisha kwa nusu dakika, akafunika, akaenda zake. Hakuna mtu hata mmoja angejua.

"Njoo uone," alimwambia mdogo wake, na akamwonyesha. Akamweleza plagi hii na plagi ile, kwamba ilifika na yeye alikuwa anacheka, kwamba hakujaribu mbele. Alieleza polepole ili asimwachie pa kukosea kuelewa.

Mdogo wake aliigusa ile plagi inayoning'inia. Kisha akauliza kama karani alipochomeka mara ya kwanza sauti ingesikika, kama plagi ingekuwa ile nyingine. Bisibisi akasema ingesikika.

"Wakati huo mkono wangu ulikuwa mzima," mdogo wake alisema.

"Ulikuwa mzima."

Alimpiga kwa mkono wa kushoto. Halikuwa kofi la kuchezea, lilimwangusha kichwa kwenye ukingo wa meza, na karani akaruka kutoka kitini. Bisibisi hakushika shavu. Alimpungia karani mkono akae. Tangu azaliwe, mtoto huyu hakuwahi kuinua mkono kwa dada yake, na sasa alisimama anahema, analia waziwazi, anautazama ule wa kushoto kana kwamba si wake.

Bisibisi akaichomoa plagi ya kale. Akauzungusha waya nyuma ya feni, mahali penye giza, vidole vyake vikitafuta vijipini bila kuviona. Alikosa mara ya kwanza. Alikosa mara ya pili. Mdogo wake akafuta uso kwa plasta, akaiokota tochi mezani kwa mkono wa kushoto, akainama na kumulika. Mwanga ulitikisika, kwa kuwa mkono ule haukuzoea, lakini ulitosha.